Mkweli au mwongo? Mwongozo wa kutegua mafumbo ya kisiwani kwa kudhania na kusaka mkinzano

Kuna kisiwa cha kubuni chenye wakazi wa aina mbili tu. Wakweli hawasemi uongo hata kwa bahati mbaya, na waongo hawasemi kweli hata wakibanwa. Kwa sura hawatofautiani, ila wao kwa wao wanajuana vizuri. Unawakuta wawili watatu njiani, kila mmoja anatamka sentensi moja, na kwa sentensi hizo peke yake unatakiwa useme nani ni nani.

Aliyeyapa mafumbo haya umaarufu ni Raymond Smullyan, mwanahisabati wa Marekani aliyezaliwa 1919 na kufariki 2017. Kabla ya kufundisha mantiki chuoni alijipatia riziki kwa mazingaombwe, na ukiyachezea mafumbo yake utauona mkono wa mtu wa mazingaombwe: jicho lako linavutwa kwenye sentensi moja huku jibu likiwa limekaa kwenye nyingine.

Njia ya uhakika ya kuyatatua ni kuorodhesha kila uwezekano na kuukagua mmoja mmoja. Watu wawili wana uwezekano wa aina 4, watatu wana 8, wanne wana 16, na wakifika kumi orodha inakuwa na mistari 1,024. Njia nitakayoieleza hapa inakuepusha na orodha hiyo. Unachagua mtu mmoja, unachukulia kwamba kauli yake ni ya kweli, unafuata matokeo yake hadi yagongane. Yakigongana, umethibitisha kwamba yule mtu ni mwongo.

## Kanuni moja inayobeba kila kitu

Aina ya msemaji na ukweli wa kauli yake ni kitu kimoja. Ukijua Asha ni mkweli, kila alichosema ni kweli. Ukijua alichosema ni kweli, basi Asha ni mkweli. Vivyo hivyo upande wa uongo. Kwa hiyo unapodhania "kauli hii ni ya kweli" umeshadhania pia kwamba aliyeitoa ni mkweli, na dhana hizo mbili haziachani. Wanaokwama katika mafumbo haya mara nyingi wametumia nusu tu ya kanuni hii: wanakumbuka kwamba mkweli husema kweli, wanasahau kwamba anayesema kweli lazima awe mkweli.

Tuanze na fumbo dogo. Unakutana na Asha na Bakari. Bakari amenyamaza. Asha anasema: "Sisi wawili ni waongo."

Chukulia kauli ya Asha ni ya kweli. Basi wote wawili ni waongo, na Asha mwenyewe yumo. Lakini mwongo hawezi kutoa kauli ya kweli. Tayari umepata mkinzano: Asha ni mkweli kwa dhana yetu, na ni mwongo kwa kauli yake. Dhana imevunjika, na kwa kuwa kisiwani hakuna aina ya tatu, Asha ni mwongo.

Bado Bakari, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Asha ni mwongo, hivyo kauli "sisi wawili ni waongo" si ya kweli. Msomaji mwenye haraka anageuza kila neno na kupata "sisi wawili ni wakweli". Haiwezekani, maana tumetoka kuthibitisha kwamba Asha ni mwongo. Kauli "wote wawili ni waongo" inakuwa ya uongo pale tu ambapo walau mmoja wao ni mkweli. Asha siye. Basi ni Bakari.

Tazama tena alichofanya Asha. Ndani ya sentensi yake kuna nusu iliyo kweli kabisa: yeye ni mwongo. Sentensi nzima bado ni ya uongo, kwa sababu nusu ya pili, inayomhusu Bakari, si kweli. Mwongo wa kisiwani halazimiki kudanganya katika kila kipande. Kinachotakiwa kiwe cha uongo ni kauli nzima. Ukikosea hapa, makosa yote mengine yatafuata.

## Kukanusha kauli bila kujidanganya

Unapogundua kwamba mtu ni mwongo, kazi ya pili ni kuigeuza kauli yake iwe taarifa unayoweza kuitumia. Ziko namna chache, na ni afadhali uzielewe kuliko kuzikariri.

Kauli yenye "na", kama "Bakari ni mwongo na Chausiku ni mwongo", huvunjika kipande kimoja tu kikivunjika. Kwa hiyo ikiwa ni ya uongo unajua tu kwamba walau mmoja wao ni mkweli. Hujui ni yupi, na usijifanye unajua.

Kauli yenye "au" ni kinyume chake. Katika mafumbo haya "au" huruhusu vyote viwili: "Asha ni mkweli au Daudi ni mkweli" ni kweli hata kama wote ni wakweli. Ili iwe ya uongo, vipande vyote viwili lazima vivunjike. Ndiyo maana mwongo anayetumia "au" ni zawadi kwako, kwani unapata taarifa mbili kwa mpigo.

Kauli zenye idadi zinataka umakini wa kusoma. "Mwongo ni mmoja tu" ikiwa ya uongo, waongo wanaweza kuwa hakuna, wawili au zaidi. "Walau mmoja wetu ni mwongo" ikiwa ya uongo, hakuna mwongo hata mmoja. Na neno "wetu" humhesabu msemaji pia.

Iliyobaki ni "kama", na hii ndiyo inayowasumbua watu wengi, pamoja na waliosoma hisabati. Mwenye duka anakwambia: "Ukirudisha chupa, nitakupa mia tano." Ni lini utasema amekudanganya? Ni pale tu utakaporudisha chupa na yeye asikupe hiyo mia tano. Usiporudisha chupa hana deni nawe, akupe asikupe. Neno lake halijavunjika. Kauli ya "kama" huwa ya uongo katika hali moja tu: sharti limetimia, matokeo hayakutokea. Hali nyingine zote inahesabika kuwa ya kweli, hata pale sharti lenyewe lisipotimia. Shika hilo, tutalihitaji kwenye fumbo la watu wanne.

## Njia za mkato mbili zilizothibitishwa

Kabla ya kuingia kwenye mafumbo makubwa, kuna sentensi zinazojirudia sana ambazo ukizitatua mara moja hutakuwa na haja ya kuzirudia.

Mtu akimwita mwenzake mwongo, wawili hao ni wa aina tofauti. Asha anasema "Bakari ni mwongo." Asha akiwa mkweli, Bakari ni mwongo. Asha akiwa mwongo, kauli imevunjika, na Bakari ni mkweli. Vyovyote iwavyo wametofautiana. Kwa hoja hiyohiyo, mtu akimsifu mwenzake kuwa mkweli, wawili hao ni wa aina moja. Hujajua ni aina ipi, lakini umewafunga pamoja.

La pili ni tamu zaidi. Asha anasema: "Mimi na Bakari ni wa aina moja." Asha akiwa mkweli, wanafanana, hivyo Bakari ni mkweli. Asha akiwa mwongo, hawafanani, na kwa kuwa Asha ni mwongo Bakari tena ni mkweli. Hapa hakuna mkinzano popote. Matawi yote mawili yako salama, lakini yote mawili yanakupeleka kwa Bakari yuleyule. Kumbe kuna ushindi wa namna mbili: tawi moja kuvunjika, au matawi yote kukubaliana juu ya mtu fulani. Huu wa pili watu huupita bila kuuona kwa sababu macho yao yanasaka mkinzano tu. Asha mwenyewe, kwa kauli hiyo, anabaki kitendawili.

Kwenye kundi hilo pia kuna sentensi isiyoweza kutamkwa kisiwani: "Mimi ni mwongo." Mkweli hawezi kuisema kwa kuwa ingekuwa uongo, na mwongo hawezi kwa kuwa ingekuwa kweli. Fumbo moja maarufu limejengwa juu ya hilo. Mtu wa kwanza ananong'ona, husikii. Unamuuliza wa pili mwenzake amesemaje, naye anajibu: "Amesema yeye ni mwongo." Wa tatu anadakia: "Usimsikilize huyo, ni mwongo." Hakuna haja ya kujua kilichonong'onwa. Hakuna mkazi yeyote anayeweza kusema maneno hayo, hivyo wa pili amedanganya, na wa tatu aliyemwumbua ni mkweli. Wa kwanza hatujui chochote kumhusu.

## Fumbo la watu watatu, hatua kwa hatua

Asha: "Bakari na Chausiku ni wa aina moja."
Bakari: "Kati yetu watatu, mwongo ni mmoja tu."
Chausiku: "Bakari ni mwongo."

Hatua ya kwanza ni karatasi. Andika herufi za majina, A, B na C, na alama mbili za aina. M haifai, maana mkweli na mwongo wote wanaanza nayo. Mimi hutumia K kwa mkweli na U kwa mwongo.

Hatua ya pili ni kuchagua pa kuanzia, na ndiyo inayoamua kama utamaliza kwa mistari minne au kumi na minne. Soma kauli zote huku ukijiuliza: ipi, ikichukuliwa kuwa kweli, inaniambia mambo mengi zaidi? Ya Asha inaunganisha watu wawili bila kumtaja yeyote aina yake. Ya Chausiku inatuambia tu kwamba yeye na Bakari wametofautiana, jambo tunalolijua tayari kwa njia ya mkato. Ya Bakari inataja idadi kamili ya kundi zima. Kauli za idadi kwa kawaida hubana kuliko nyingine, hivyo tunaanza na Bakari.

Hatua ya tatu, dhania na ufuate. Chukulia Bakari ni mkweli. Chausiku amesema Bakari ni mwongo, hivyo Chausiku amedanganya, ni mwongo. Bakari amesema mwongo ni mmoja tu, na tayari tunaye Chausiku, basi Asha ni mkweli. Asha, kwa kuwa ni mkweli, anatuambia Bakari na Chausiku ni wa aina moja. Lakini Bakari tumemchukulia mkweli na Chausiku tumempata mwongo. Wamegongana.

Kwenye karatasi huonekana hivi:

```
Dhana: B = K
   C = U              (kauli ya C)
   A = K              (kauli ya B: mwongo mmoja tu)
   B na C aina moja   (kauli ya A)
   X  lakini B = K na C = U
Kwa hiyo: B = U
```

Mistari iliyo ndani ya dhana imesogezwa kulia kwa makusudi. Hayo ni matokeo ya mkopo, yanadumu muda ule tu dhana inapodumu. Mabano yanaonyesha kila mstari umetoka kwenye kauli ya nani, na ukikwama ndiyo yatakayokuonyesha ni wapi uliporuka hatua.

Hatua ya nne, geuza dhana uendelee. Bakari ni mwongo, hili sasa ni la uhakika. Chausiku alisema hivyohivyo, kwa hiyo Chausiku ni mkweli. Bakari na Chausiku wametofautiana, Asha kasema wanafanana, basi Asha ni mwongo.

Hatua ya tano ni ukaguzi, na haiepukiki. Rudi kwenye kauli za mwanzo ukiwa na jibu kamili: Asha mwongo, Bakari mwongo, Chausiku mkweli. Asha anasema Bakari na Chausiku wanafanana. Si kweli, na yeye ni mwongo, sawa. Bakari anasema mwongo ni mmoja tu. Waongo ni wawili, kauli imevunjika, naye ni mwongo, sawa. Chausiku anasema Bakari ni mwongo. Kweli, naye ni mkweli, sawa. Angalia kwamba katika hatua ya nne hatukuigusa kabisa kauli ya Bakari. Tulijua ni ya uongo, lakini hatukuhesabu waongo kuona kama kweli imevunjika. Kama waongo wangetokea kuwa mmoja, fumbo zima lingekuwa halina jibu, na bila ukaguzi tusingejua.

## Tawi lisilogongana halijathibitisha kitu

Sasa libadilishe fumbo hilo mahali pamoja tu. Asha na Bakari waache waseme yaleyale. Chausiku, badala ya kumtaja Bakari, aseme: "Asha ni mwongo."

Tuseme umeanza na Asha kwa kuwa ndiye wa kwanza kwenye orodha. Ukimchukulia mkweli, Chausiku aliyemwita mwongo ni mwongo. Asha anasema Bakari na Chausiku wanafanana, kwa hiyo na Bakari ni mwongo. Waongo wawili, Bakari alisema mmoja, amedanganya kama inavyopaswa. Hakuna mgongano popote. Unafunga daftari na kutangaza: Asha mkweli, wengine waongo.

Hujamaliza. Jaribu tawi la pili. Asha akiwa mwongo, Chausiku ni mkweli. Kauli ya Asha imevunjika, hivyo Bakari na Chausiku hawafanani, na Bakari ni mwongo. Waongo ni Asha na Bakari, wawili, Bakari kadanganya tena. Tawi hili nalo liko salama salimini.

Fumbo hili basi lina majibu mawili, na kitu pekee kilichothibitishwa ni kwamba Bakari ni mwongo, kwa sababu matawi yote yamekubaliana juu yake. Mtunzi akiuliza "Bakari ni nani?" ni fumbo halali. Akiuliza "Kila mmoja ni nani?" amekosea kulitunga.

Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na halionekani kirahisi kwa sababu mara nyingi mtu hubahatisha tawi sahihi na kupata jibu lililo nyuma ya kitabu. Dhana iliyogongana imekufa, hiyo ni hukumu. Dhana isiyogongana inabaki kuwa inawezekana, basi. Ili iwe jibu, lazima ile ya upande wa pili ife. Kuna wanaojitetea kwamba "fumbo lazima liwe na jibu moja, hivyo nikipata moja yatosha". Kwenye mtihani wa kuchagua jibu hoja hiyo inaweza kukuokolea dakika. Lakini hapo umemwamini mtunzi, hujathibitisha, na watunzi wa mtandaoni si wa kuaminiwa hivyo.

## Fumbo la wanne: pa kuanzia panavyobadilisha kazi

Asha: "Kama Bakari ni mkweli, basi Chausiku ni mwongo."
Bakari: "Chausiku na Daudi ni wa aina moja."
Chausiku: "Asha ni mkweli au Daudi ni mkweli."
Daudi: "Waongo kati yetu ni watatu."

Kwanza tulitatue kwa njia ndefu, tukianza na Asha, ili uone kinachotokea. Kauli ya "kama" ikichukuliwa kuwa kweli haisemi mengi, lakini ikiwa ya uongo inasema mengi sana. Kwa hiyo hapa ni busara kuanza kwa kudhania kwamba Asha ni mwongo. Si lazima kila mara uanze na upande wa kweli. Anza na upande unaobana.

Asha akiwa mwongo, kauli yake imevunjika, na inavunjika kwa namna moja tu: Bakari ni mkweli na Chausiku si mwongo, yaani naye ni mkweli. Bakari mkweli anasema Chausiku na Daudi wanafanana, hivyo Daudi ni mkweli. Daudi mkweli anasema waongo ni watatu. Lakini mwongo tuliyenaye ni Asha peke yake. Mgongano. Asha ni mkweli.

Simama hapa kidogo. Kwenye karatasi yako sasa kuna mistari inayosema Bakari ni K, Chausiku ni K na Daudi ni K. Yote ilikopwa kwa dhana iliyokufa. Ifute au ipige mstari kabla ya kuandika kingine. Kosa la kubeba "Bakari ni mkweli" kutoka tawi lililovunjika hadi tawi linalofuata ni la kawaida mno, na dalili yake ni kwamba unaanza kupata mgongano kila upande unaogeukia. Ukifika mahali ukaona matawi yote yamekufa, kabla hujamlaumu mtunzi, kagua kama hakuna mstari wa tawi la zamani uliosalia.

Tuendelee. Asha ni mkweli, hivyo "Asha ni mkweli au Daudi ni mkweli" ni kweli bila hata kumwangalia Daudi, na Chausiku ni mkweli. Sasa kauli ya Asha: kama Bakari ni mkweli, Chausiku ni mwongo. Chausiku si mwongo. Bakari angekuwa mkweli, kauli ingevunjika, na Asha hadanganyi. Bakari ni mwongo. Kauli ya Bakari basi ni ya uongo: Chausiku na Daudi hawafanani, na Daudi ni mwongo.

Kagua. Asha: sharti lake, Bakari kuwa mkweli, halikutimia, kwa hiyo kauli inahesabika kweli, kama ile chupa ambayo haikurudishwa dukani. Bakari: Chausiku na Daudi wanafanana? Hapana, uongo, sawa. Chausiku: kweli. Daudi: waongo watatu? Ni wawili, uongo, sawa. Jibu ni Asha na Chausiku wakweli, Bakari na Daudi waongo, na ni jibu pekee kwa sababu tawi la Asha mwongo lilikufa na mengine yote yalifuata kwa lazima.

Sasa tazama ingekuwaje tungeanza na Daudi, mwenye kauli ya idadi. Chukulia ni mkweli. Waongo ni watatu, hivyo mkweli ni yeye tu. Lakini Chausiku kasema "Asha ni mkweli au Daudi ni mkweli", na Daudi ni mkweli, kwa hiyo Chausiku kasema kweli. Wakweli wawili tayari. Mgongano katika mistari miwili, Daudi ni mwongo. Halafu Asha: akiwa mwongo, Bakari na Chausiku wote ni wakweli, na Bakari anasema Chausiku anafanana na Daudi aliye mwongo. Mgongano. Asha mkweli, na kilichobaki kinateremka chenyewe. Hakuna dhana iliyozidi mistari mitatu, na kila iliyokufa ilikuachia kitu cha uhakika cha kutumia kwenye inayofuata. Hiyo ndiyo kazi nzuri: dhana fupi zinazokufa haraka.

Kama dhana yako imefika mahali haisongi wala haigongani, una njia mbili. Unaweza kufungua dhana ndani ya dhana, ukisogeza mistari kulia kwa mara ya pili, lakini hapo ukigongana umeua ile ya ndani tu. Ya nje bado hai hadi pande zote mbili za ndani zife. Au unaweza kuiacha, uifute yote, uanze na mtu mwingine. Kwa watu wanne au watano mimi huchagua kuanza upya karibu kila mara.

## Moja la kujipima

Watu watano wamesimama mstari. Wa kwanza anasema "Waongo kati yetu ni mmoja kamili", wa pili "ni wawili kamili", wa tatu "ni watatu kamili", wa nne "ni wanne kamili", wa tano "ni watano kamili". Usianze kumjaribu mmoja mmoja. Tazama kauli zenyewe kwa pamoja: zinapingana zote, hivyo haziwezi kuwa kweli mbili kwa wakati mmoja. Kauli ya kweli ni moja au hakuna. Chukulia hakuna. Basi wote watano ni waongo, na hicho ndicho alichosema wa tano, ambaye angekuwa amesema kweli. Mgongano. Mkweli ni mmoja kamili, waongo ni wanne, na aliyesema wanne ndiye mkweli.

Sasa badilisha neno moja: kila mahali palipo na "kamili" weka "au zaidi". Wa kwanza anasema waongo ni mmoja au zaidi, wa pili wawili au zaidi, na kuendelea. Chukulia waongo ni idadi fulani, tuseme wawili. Kauli ya wa kwanza na wa pili ni za kweli, za watatu waliobaki ni za uongo. Waongo watatu, si wawili. Jaribu watatu: kauli tatu za kweli, mbili za uongo. Haikai. Kwa idadi yoyote ya waongo, wakweli hutokea kuwa wengi sawasawa na hiyo idadi, hivyo kundi lazima ligawike nusu kwa nusu, na watano hawagawiki. Wakiwa wanne, wawili wa mwanzo ni wakweli na wawili wa mwisho ni waongo. Wakiwa sita ni watatu kwa watatu. Wakiwa watano, saba au tisa, hakuna kisiwa ambako mazungumzo hayo yanaweza kutokea.